Beseni lenye alama ya X kwenye lebo ya gauni

"Hili gauni nimelipata Darajani. Lebo ndiyo hii pichani. Nalifua nyumbani au nimpelekee dobi?"

Dada, beseni lililokatwa kwa alama ya X linakataza maji. Duara lenye P ni la dobi anayesafisha kwa dawa bila maji. Pembetatu iliyokatwa: usitie jiki. Pasi ya nukta moja isizidi nyuzi 110, bila mvuke.

Lakini picha haionyeshi kitambaa. Kama ni poliesta tupu, huenda kikastahimili maji baridi, mtengenezaji kajihadhari tu. Hariri au viskosi ni hatari zaidi, na bitana huweza kurudi peke yake, gauni likajikunja. Lowesha upindo kwa ndani, ugandamize kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, au pakikauka pamekunjamana, mpelekee dobi.