Dokezo la kurasa tisa, saini moja

"Nimepewa dokezo la kurasa tisa kuhusu lori la taka. Mkurugenzi anataka nusu ukurasa kabla ya saa nne. Naanzia wapi?" (Afisa mazingira, halmashauri ya mji)

Anzia mwisho. Madokezo yetu yana mwendo wake: "Kichwa cha somo hapo juu chahusika", kisha historia, sheria, takwimu, changamoto, na ombi lenyewe limejibanza juu kidogo ya "Naomba maelekezo yako". Dokezo ulilonitumia, ukurasa wa nane, linasema: "Inapendekezwa uangaliwe uwezekano wa kuimarisha uzoaji wa taka." Sasa mkurugenzi akiandika "Nimeridhia" pembeni, mhasibu ashike kazi gani kesho asubuhi? Hakuna.

Mimi huipima sentensi ya uamuzi hivyo hivyo: atakayeitekeleza asilazimike kurudi kuuliza. Nimeokota vipande kutoka ukurasa wa 3, wa 5 na wa 8, nikapata hii:

"Ninaomba uidhinishe kukodi lori moja la taka kwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, kuanzia tarehe 1 Julai hadi lori jipya litakapofika Januari, kwa fedha za kifungu cha usafi, badala ya kulitengeneza lori la zamani."

Usiyakate maneno "badala ya". Ndiyo yanayomwonyesha mkurugenzi anachokiacha, na bila kukijua hicho hawezi kuzipima sababu zako.

"Aliyeandika ameweka sababu saba. Nichague zipi tatu?" (Huyo huyo, dakika ishirini baadaye)

Chukua kila sababu uiulize: je, ingefaa pia kwa njia tuliyoikataa? Ikifaa kote kuwili, hayo ni maelezo ya nyuma tu, hata yawe mazito namna gani. Dokezo lako linatumia ukurasa mzima kueleza kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Ni kweli, ila jukumu hilo liko pale pale ukikodi, ukitengeneza au ukinunua. Litoe. Aya ya kipindupindu nayo itoke kwa kosa lile lile: inadai taka zizolewe, haisemi zizolewe na lori lipi. Najua inauma, maana ndiyo aya iliyoandikwa vizuri kuliko zote.

Zimebaki tano. Mbili zinazungumzia gharama ya matengenezo kwa maneno tofauti, basi ziunganishe. Ile ya "muonekano wa mji" haina kipimo, iache. Unabaki na hizi:

Kwanza, matengenezo yanadai milioni 31 wakati kukodi kwa miezi 6 ni milioni 24, na lori la zamani liliharibika mara 5 tangu litengenezwe mwaka jana. Pili, vipuri vinachukua wiki 10 kufika na taka za sokoni zinalala siku 3, ilhali lori la kukodi linaanza kazi ndani ya wiki moja. Tatu, kifungu cha usafi kina milioni 26, kwa hiyo hatuhitaji kuhamisha fedha.

Ona kwamba kila moja inajibu swali lake: ipi nafuu, ipi ya haraka, fedha zipo? Mkurugenzi akiikataa moja, mbili zinabaki zimesimama. Sababu zikiegemeana, ile ya kwanza ikianguka zote zimekwenda nayo.

"Je, kama mwenye lori hatatokea? Hatari hiyo nikiitaja si nitakuwa nimeliua ombi?"

Usipoitaja, ataiuliza yeye mbele ya wakuu wa idara. Hatari inayoweza kugeuza uamuzi iingie ndani ya sentensi ya uamuzi kama sharti: "…kwa sharti kwamba mkataba uturuhusu kuuvunja lori likikosekana siku 3 mfululizo." Usiifanye sababu ya nne.

"Dokezo langu linaomba lori na pia kupandisha ada ya taka. Sentensi moja itatosha?" (Mchumi)

Haitatosha, na hilo si suala la urefu. Lori linamalizika mezani kwa mkurugenzi. Ada iko kwenye sheria ndogo, lazima ipite baraza la madiwani. Ukizifunga pamoja, lori litakaa likisubiri kikao. Andika madokezo mawili.

"Zile kurasa tisa nizipeleke wapi?"

Zibaki kama kiambatisho, na mwisho wa kila sababu uandike ukurasa ilikotoka: "(uk. 5)". Kabla hujapeleka, fungua huo ukurasa wa 5 uhakikishe milioni 31 ndiyo iliyoandikwa pale. Niliwahi kupeleka muhtasari wenye tarakimu ya rasimu ya zamani, na tangu siku hiyo mkubwa wangu akawa anasoma kurasa zote.