Ukitaka kusimamisha staji, leta hesabu ya masaa pamoja na barua

Wadogo zangu mnaoingia staji ya uuguzi huku Bukavu, nawaandikia juu ya jambo moja tu lenye linapotezea watu mwaka. Mtu anapata shida ya kweli, anaandikia shule barua ya kusimamisha staji, barua nzima ni ugonjwa na maumivu na "ninaomba munihurumie". Shule haina shida na ugonjwa wako, cheti cha daktari kinatosha. Kile sekretere wa masomo anatafuta ndani ya ile barua ni masaa yenye yamebaki: utayafanya lini, kwa serivisi gani, na nani atayasainia.

Niwape mfano. Dada mmoja alikuwa pediatri, staji ya wiki 6, siku 5 kwa wiki, masaa 8 kwa siku, yaani masaa 240. Akapasuliwa apendisiti akiwa amekwisha kufanya siku 13. Daktari akamuandikia mapumziko, na kumbuka kwa pediatri unabeba watoto, unainama kwa vitanda, kwa hiyo kurudi haraka na kidonda haikuwezekana. Kabla ya kuandika chochote alimtuma mdogo wake kwa mama titilere wa sale na fishi ya prezansi, ikasainiwa na kupigwa kashe hadi siku ya 13. Hapo njo pa kuanzia, juu ukikawia wiki tatu ankadreri anahama, fishi inapotea, na zile siku ulifanya kweli unakosa wa kuzishuhudia. 13 mara 8 ni 104. Yamebaki 136, sawa na siku 17.

Sasa mpango wa kulipa. Wazo la kwanza lilikuwa kufanya jumamosi na gadi za usiku, juu gadi ya masaa 12 inapunguza deni haraka. Nilimkataza, na nitawaambia sababu. Usiku kwa pediatri unapima joto, unaangalia seromu, unapokea urjansi zikija, lakini tur ya daktari iko asubuhi, kupima uzito na kuhesabu dozi upya iko asubuhi, na ankadreri wa shule naye anapita asubuhi. Angalieni kitabu chake cha staji: masaa yalikuwa na nafasi moja, lakini chini kulikuwa mistari mitupu ya kuweka katheta, kuweka sonde ya pua, na kuhesabu dozi kwa kilo mbele ya ankadreri (mtoto wa kilo 8, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, unatoa 120, halafu unaonyesha ni mililita ngapi kulingana na ile chupa iko mkononi). Ukijaza masaa 136 kwa gadi za usiku tu utarudi na masaa kamili na mistari ileile mitupu, na shule itakurudisha tena sale.

Kwa hiyo akapanga siku 17 za asubuhi, jumatatu hadi ijumaa, wakati wa likizo kubwa, pediatri ileile. Usijaribu kulipa masaa ya pediatri kwa materinite eti kuna nafasi, kila serivisi ina masaa yake. Na kabla ya kuandika tarehe, uliza mama titilere kama hizo wiki hakuna kundi la shule ingine, juu sale ikijaa wanastaji utasimama tu ukutani unaangalia wengine wanafanya.

Barua yenyewe utaandika Kifaransa, ukurasa mmoja. Inasema unaomba kusimamisha (si kuacha, hilo linafungua mambo mengine kabisa) tangu tarehe gani, cheti cha daktari kimeambatishwa, masaa 104 yamefanyika na fishi hii hapa, masaa 136 yatafanyika kuanzia tarehe fulani hadi fulani kwa pediatri, titilere amekubali kupokea, na mbinu zenye hazijafanyika ni hizi. Uliza pia kwa maandishi kama ile pesa ya staji uliyolipa itatumika, au utalipa upya, juu jibu la mdomo la mtu wa kupokea pesa haliko na nguvu siku unarudi.

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ingine wanakupigia kashe ya kupokea na tarehe, hiyo unaweka nyumbani pamoja na fishi. Na usiache sale mpaka umepata jibu kama mwili unaruhusu, juu siku za kungojea bila barua iliyopokelewa zinahesabiwa kama kukosa. Kama umelazwa hospitali, ndugu apeleke barua na cheti siku ileile.

Ukirudi, omba fishi mpya yenye imeandikwa juu kabisa kwamba ni ya kumalizia masaa, halafu ibandike kwa ile ya zamani kabla ya kuipeleka kwa juri.