Barua kwa mwanangu: kadi ya rejista na tiki mbili za bluu

"Baba, mtu akisoma meseji yako asijibu, siku ya tano leo, na unamuona kabisa yuko onlaini, unamwandikia tena au unaacha? Usiniambie nisubiri tu, nataka jibu la ukweli."

Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Meseji yako nimeisoma jana usiku nikaona nisijibu kwa mstari mmoja, mama yako akachungulia simu akasema haya sasa mwalimu kapata darasa, mimi nikamwambia niache.

Kwanza hizo tiki. Kaka yako alinifundisha, ukiishikilia meseji ukabonyeza sehemu ya taarifa unaona mpaka saa na dakika aliyosoma. Najua umeshafanya hivyo na najua umefanya zaidi ya mara moja. Sasa hiyo bluu inakwambia kitu kimoja tu, kwamba hayo maongezi yalifunguliwa, kwenye simu au kwenye kompyuta. Nani kayafungua haisemi. Na onlaini maana yake kafungua wasap, anaweza kuwa kwenye grupu la harusi anabishana kuhusu michango. Lakini tuchukulie kasoma yeye mwenyewe kwa macho yake. Mimi naamini kasoma. Swali langu ni anafanya nini huko alikonyamaza, maana hapo napajua, nimewahi kukaa humo wiki saba.

Wewe hadithi ya mimi kufika Muheza na matope mpaka magotini unaijua, mmecheka nayo kila Krismasi. Kilichotangulia hatujawahi kuwaambia vizuri.

Ilikuwa 1998, ile mvua ya elinino. Nilikuwa nafundisha Liwale, mama yako yuko kwao Muheza. Daraja la Mkapa pale Rufiji halikuwepo, limefunguliwa 2003, kabla ya hapo ni kivuko cha Ndundu na mto ukijaa kusini yote inakuwa kama kisiwa. Barua ilikuwa inachukua wiki tatu ikiwa na bahati. Kwa hiyo mama yako alikuwa na kila sababu ya kusema barabara ndo imekula barua, na angesema hivyo akalala, ila mama yako unamjua. Alienda posta akatuma barua ya rejista, akalipia na kile kikadi cha kupokelea. Nyie hamkijui. Kinabandikwa kwenye barua, mwenye barua akifika dirishani anasaini, posta inamrudishia aliyetuma hicho kikadi peke yake, na mhuri na tarehe. Yaani zile tiki zenu za bluu sisi tulikuwa tunazinunua kwa hela.

Nikasaini tarehe 9 Februari. Nakumbuka kalamu ya posta ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, fupi, ikabidi niiname.

Barua yenyewe ilikuwa na swali moja. Nyumbani wanauliza, mshenga anakuja lini? Basi. Mimi nilishamwambia Januari. Na hela ya kumtuma mshenga nilikuwa nayo mpaka Novemba, halafu nikajifanya mjanja, nikaingia korosho na mwenzangu mmoja, tununue magunia kwa watu tukapeleke kwenye bei nzuri. Korosho ikilowa mwanangu hiyo siyo korosho tena. Unaikata katikati unakuta ile nyeupe imekuwa ya kijivu ina madoadoa, ukungu, hakuna mnunuzi atakayeigusa. Mvua ilitukuta chini ya turubai lenye matundu. Tulikata moja, tukakata nyingine, tukakata kama ishirini hivi tukiwa tumechuchumaa, hakuna aliyesema kitu.

Sasa ningemwandikia nini? Siku ile ile ya kusaini ningeweza kuandika mistari mitano, hela imeharibika, nipe mpaka Agosti, nisamehe. Nikasema kesho. Kesho yake nikaandika nikaona inanukia uongo nikachana. Wiki ya pili ikabidi niandike na sababu ya kuchelewa. Wiki ya tatu sababu ya kuchelewa ikawa kubwa kuliko habari yenyewe. Hapo ndo nataka unisikilize, jibu lisilotolewa lina riba kama deni la dukani, kila siku linapanda, mpaka inafika siku unaiona barua mezani unaigeuza upande wa pili ili usiuone mwandiko. Na sikuacha kumpenda hata siku moja. Hii inaudhi lakini ndo ilivyokuwa, nilimuwaza zaidi zile wiki kuliko wakati nilipokuwa namwandikia kila mwezi.

Ndo maana nasemaga ukimya hauna mwandiko. Barua ukiiona unajua ya nani na alikuwa na hali gani, herufi zinalala au zimekaza. Ukimya wa mwenye aibu na ukimya wa mwenye dharau ukiuweka mezani vinafanana.

Kwake kule kadi ikafika. Ya mwanzo alijipa moyo, akasema labda kasaini hedimasta, maana hedimasta aliruhusiwa kutuchukulia barua. Akatoa barua zangu za zamani akalinganisha sahihi. Ule mkia ninaouvuta mwisho wa jina, ule ambao wewe ulikuwa unauiga kwenye ripoti zako za shule ukidhani sijui. Akauona. Kasaini mwenyewe.

Sasa angeniandikia "mbona hujibu" nakwambia ukweli nisingejibu. Nilikuwa tayari nadaiwa barua moja, hiyo ingekuwa ya pili na yenye hasira. Mwishoni mwa Machi ikaja bahasha, ya kawaida, stempu ya kawaida, hakuna kusaini. Nikaiacha siku nzima mfukoni. Kufungua, ukurasa mmoja. Mbuzi wa shangazi kazaa mapacha, mmoja anapanda juu ya mwenzie kunyonya. Mwembe wa nyuma umeanguka kwa mvua umekosa choo kidogo tu. Alama ya kuuliza hakuna hata moja! Nilitafuta, nikasoma mara tatu kutafuta kitu cha kujibu, hakipo. Hakuna deni. Nilikaa kwenye kitanda nikalia, na mimi wakati ule nilikuwa najiona mwanaume kwelikweli.

Sikuandika. Nilijua barua itachukua wiki tatu, nikaomba ruhusa ya siku saba nikaondoka. Lori mpaka Nachingwea, basi mpaka Lindi, Ndundu tulilala siku mbili foleni kivuko hakivuki, mbu wale sitawasahau. Nikafika Muheza Alhamisi Kuu. Ruhusa ikapitiliza nikaja kukuta barua ya onyo, hiyo nayo ninayo.

Unaona nimefika kwenye raha nimeanza kusimulia kama shujaa. Subiri.

Miaka mingi baadaye, wewe uko darasa la nne hivi, tumekaa nje mama yako anachambua mchele, akaniambia kama mtu anayeongelea hali ya hewa, kwamba ile ya mbuzi ilikuwa barua ya pili kuandika. Ya kwanza ilikuwa na kurasa nne, shangazi yake alimnyang'anya asiiposti, akamwambia andika habari za nyumbani tu. Na kwamba alijiwekea tarehe. Pasaka. Kulikuwa na karani mmoja Tanga kashaleta mshenga wake kabla ya Kwaresma, wazee wanasubiri neno la mama yako, na yeye alishaamua Pasaka ikipita atalitoa. Pasaka ilikuwa tarehe 12 Aprili. Mimi nimefika tarehe 9. Zile siku mbili za Ndundu zingekuwa tano...

Nilikasirika, unaamini? Nikamwambia mbona hukuniambia kuna tarehe. Akacheka akaendelea na mchele, akasema ningekwambia ungekuja kwa sababu ya tarehe. Mpaka leo sijui nimjibu nini, na inanichoma, maana mimi kule Liwale nilikuwa najihurumia kana kwamba muda ni wangu peke yangu, kumbe kuna mtu anahesabu.

Kwa hiyo nikuambie mwandikie moja isiyomdai kitu, halafu ujiwekee tarehe yako moyoni ukae kimya? Ndo nilitaka kuandika hivyo nimalize. Halafu nikamkumbuka baba yako mkubwa. Baada ya kile kiwanja nilimwandikia barua tatu, hakujibu hata moja, na mimi kwa hii nadharia yangu ya riba nikawa najiambia ana aibu, kakosea, anashindwa pa kuanzia. Miaka kumi na moja. Tulipofungua sanduku lake baada ya mazishi, barua zangu zilikuwepo zote tatu. Zimefunguliwa, zimekunjwa vizuri, zimewekwa pamoja na risiti za maji. Mtu mwenye aibu anazikunja vile? Au ndo anazikunja vile? Ukimya hauna mwandiko, hata ukishika karatasi yenyewe mkononi.

Kwa hiyo huyo kijana wako mimi simjui ni yupi kati yetu wawili. Nina mawazo yangu, tangu ile siku alivyokuja msibani akakaa ndani ya gari, lakini mama yako kasema nisiandike na sijaandika. Siku tano ni chache kwa mtu aliyepoteza hela za korosho, na ni nyingi sana kwa mtu ambaye umemuuliza tu kama amefika salama. Wewe ndo unajua ulimuuliza nini. Rudi kaisome meseji yako ya mwisho kama vile umetumiwa wewe, uhesabu alama za kuuliza. Kama ziko nne kwenye meseji moja, mwanangu, hapo hata mimi ningeigeuza simu.

Ile tarehe lakini uiweke. Na usimwambie, na usimwambie rafiki yako yule anayemwambia kila kitu.

Kikadi kipo kwenye lile kopo la biskuti na vyeti vyenu vya ubatizo, mama yako hataki nikiguse, ukija Desemba muombe yeye. Na ile yako ya Jumapili kuhusu bei ya bati nimeisoma, najua unaona bluu. Fundi hajanipa bei.

Baba yako