Rekodi za simu zisizosikika: fanya haya kabla hujampelekea mnukuzi

*"Wakuu, nahoji watu wa Nakivale kwa Kiswahili, mimi niko Kampala. Naweka spika, simu ya pili inarekodi. Mnukuzi amenirudishia kazi imejaa [haisikiki]. Nikaondoa kelele kwa Audacity nikamtumia tena, akasema sasa ndiyo hasikii kabisa. Nimekosea wapi?"*

Futa hiyo uliyoondolea kelele, rudi kwenye faili la mwanzo. Natumaini hukulifuta. Mimi nilishawahi kufuta la mahojiano mengine, nikalazimika kumpigia mzee wa watu upya.

Kosa lako nalijua kwa sababu nililifanya mwenyewe. Nilikuwa na mahojiano ya dakika 38 na mfanyabiashara wa mahindi, Mkongomani anayeishi hukohuko Nakivale. Mimi nilikuwa chumbani Ntinda na mvua inapiga mabati. Nikachukua sekunde mbili za mvua peke yake, nikabonyeza `Get Noise Profile`, kisha nikashusha kelele kwa desibeli 24. Mvua ikaisha. Nilijisifu nusu saa nzima. Dada anayeninukulia, yuko Masaka, akaniandikia: "Kaka, huyu mzee ana meno?" Kila *s* ilikuwa imekwenda na mvua.

Sababu ni hii. Simu ya kawaida hupitisha sauti kuanzia kama hezi 300 hadi 3400 tu. Irabu zetu, *a e i o u*, hukaa vizuri humo. Lakini *s* nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 4000, na *f* imetawanyika huko juu vilevile. Kinachofika kwako ni mkia tu wa *s*, mvumo hafifu wa "shh" unaoning'inia kati ya hezi 2500 na 3400. Ukiuangalia, unafanana kabisa na mvua au feni. Programu ya kuondoa kelele haijui Kiswahili, inaona "shh" dhaifu na kuifagia. Mvua na konsonanti vikaondoka pamoja, ukabaki na irabu safi sana zisizosema kitu.

Kwa Kiswahili madhara yake yanaonekana zaidi kwenye hesabu. *Sita* na *tisa* zina irabu zilezile na konsonanti zilezile, kilichobadilika ni mpangilio tu. Sikio la mtu linazitofautisha kwa vitu viwili: ule mkia wa *s*, na kimya kifupi kinachotangulia *t* kupasuka. Kwenye *sita* kimya kiko katikati, kwenye *tisa* neno linaanza kwa mpasuko. Mzee wangu alisema bei ya kilo mara nne. Mnukuzi akaandika shilingi mia sita mara mbili, mia tisa mara moja, na [haisikiki] mara moja. Kwa ripoti ya bei ya mahindi, hiyo si kazi ya kumpelekea bosi.

Basi nikaanza upya. Hatua ya kwanza haikuwa kurekebisha chochote, ilikuwa kuangalia. Fungua faili Audacity, bonyeza jina la treki, chagua `Spectrogram`. Utaona picha ya sauti: chini masafa ya chini, juu masafa ya juu. Tazama pale mhojiwa anapozungumza, siyo wewe. Kama rangi inakatika ghafla karibu na 3400 kama imekatwa kwa kisu, hiyo ni simu ya njia nyembamba, endelea kusoma. Kama maneno yake yanapanda hadi karibu hezi 7000, mlipata laini ya sauti pana, na ushauri wa kukata ninaoutoa hapa chini usiufuate, utajiharibia.

Picha ya rekodi yangu ilinifundisha jambo. Simu ya pili ilikuwa imerekodi m4a ya hezi 44100, kwa hiyo faili lilikuwa na nafasi hadi juu kabisa, na huko juu kulikuwa kumejaa. Lakini hakukuwa na neno hata moja la mzee! Sauti yake iliishia 3400 kabla haijatoka kwenye spika. Yote yaliyo juu ya hapo yalikuwa ya chumbani kwangu: mvua, kiti, na sauti yangu mwenyewe. Maana yake sehemu kubwa ya mvua ningeweza kuitupa bila kugusa hata herufi moja ya mhojiwa. Sauti yangu nayo ingekatwa, lakini maswali yangu nilikuwa nayo kwenye karatasi.

Kukata huko kunafanyika kirahisi kwa kushusha sampuli hadi 8000 kwa sekunde, maana faili la sampuli 8000 haliwezi kubeba kitu juu ya hezi 4000. Nilitumia ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, mstari mmoja:

```
ffmpeg -i nakivale07.m4a -af "aresample=8000,highpass=f=200,equalizer=f=2600:t=q:w=1:g=5,dynaudnorm=f=200:g=11:m=8:p=0.9" -ac 1 -c:a pcm_s16le nakivale07_b.wav
```

Tuupitie polepole, kwa sababu mpangilio wake ndio dawa.

`highpass=f=200` inapunguza yaliyo chini ya hezi 200. Mhojiwa hana kitu huko, simu imeshaondoa. Kuna mvumo wa umeme wetu wa hezi 50 na wajukuu wake wa 100 na 150, pamoja na meza kutikisika. Watu hapa hukosea kwa kuongeza besi ili sauti "ijae". Usifanye hivyo. Unene wa sauti ya mzee hausikiki kwa sababu haukufika, na ukiongeza besi unaongeza meza yako tu, nayo itafunika konsonanti.

`equalizer` inainua desibeli 5 kuzunguka 2600, pale mkia wa *s* na mpasuko wa *t* vilipo. Kitu hakirudishwi hapo, kinasogezwa mbele kilichobaki. Nimejaribu 10, spika inaanza kukwaruza na mnukuzi analalamika masikio.

Kisha `dynaudnorm`, na hapa ndipo nilipopata faida kubwa kuliko yote. Tatizo la kuweka spika ni kwamba wewe uko sentimita thelathini kutoka kwenye maiki na unasikika kama muadhini, mhojiwa anasikika kama yuko kisimani. Mnukuzi anapunguza sauti wakati wa swali, halafu nusu ya kwanza ya jibu inampita kabla hajaongeza. Kichujio hiki kinapandisha sehemu zenye sauti ndogo. Lakini kwa mipangilio yake ya kawaida kinapima kwa vipande vya nusu sekunde, na kinalainisha juu ya vipande 31, yaani zaidi ya sekunde 15. Hiyo ni polepole mno kwa mazungumzo: swali lako kubwa linaendelea kuburuza jibu chini. Kwa `f=200` na `g=11` kinafanya kazi ndani ya kama sekunde mbili, jibu linainuka likiwa bado la moto. `m=8` inakizuia kisipandishe zaidi ya mara nane, la sivyo mzee akinyamaza kufikiri, mvua yote inakuja mbele.

Ndiyo maana kukata kunatangulia na kusawazisha kunafuata. Ukigeuza, kichujio kitakuwa kinapima mvua badala ya mtu.

Baada ya hapo, kama bado kelele inasumbua, rudi kwenye `Noise Reduction` ya Audacity kwa mkono mwepesi: desibeli 6, isizidi 8. Kabla hujakubali chagua `Residue` usikilize. Hapo unasikia kile kitakachotupwa. Kikiwa "shhh" tupu inayotiririka sawasawa, sawa. Ukisikia kitu kinachofuata mdundo wa maneno, hata kwa mbali, unamtupa mhojiwa wako. Punguza au acha. Mimi rekodi ile niliacha. Mvua iliyobaki ilikuwa inasikika wazi, na mnukuzi hakuitaja hata mara moja. Sikio la mtu linavumilia kelele tulivu kuliko linavyovumilia herufi zilizokatika.

Usitumie pia vile vichujio vinavyofunga sauti kabisa mtu anaponyamaza. Vinachelewa kufunguka kidogo tu, na kidogo hicho ndicho mpasuko wa *t* mwanzoni mwa *tisa*.

Sasa namna ya kujua umefanikiwa. Usijiamini wewe. Ukishasikiliza kipande mara kumi, unasikia unachokumbuka. Nilichukua dakika moja mbaya kuliko zote, ile ya bei, nikampa jirani asiyejua habari yoyote aandike kwa kalamu: kwanza faili la asili, kesho yake lililorekebishwa. La asili aliacha mapengo mengi. La pili alibaki na mapengo matatu, na bei zote nne aliandika mia sita. Bado nilitaka uhakika, na uhakika ulikuwa ndani ya rekodi yenyewe: baadaye mzee anasema gunia la kilo 100 aliliuza elfu 60. Hesabu ikakubali. Uliza hivyo makusudi siku nyingine, bei ya kilo na bei ya gunia.

Yale mapengo matatu hayakuzibika. Mtandao ulikatika, sauti ikawa ya roboti kisha kimya, na hapo hakuna cha kuinua. Vivyo hivyo sauti iliyorekodiwa kubwa mno hadi vilele vyake vikawa bapa, ukiipunguza inakuwa ndogo lakini imepasuka vilevile. Na ule mlio wa "dri-dri-dri" simu inapotafuta mtandao wa 2G karibu na maiki umetawanyika katikati ya sauti yote, usipoteze usiku kuufuta. Siku nyingine tenganisha simu hizo mbili kadiri uwezavyo bila kupoteza sauti ya spika.

Kuhusu kutuma: WAV hiyo ni karibu megabaiti moja kwa dakika, yangu ilifika 36 na ushee. Usiigeuze MP3 ndogo ili kuokoa bando, maana kinachokatwa kwanza ni hicho hicho ulichokihangaikia. Kama bando linabana, igeuze FLAC, haipotezi kitu. WhatsApp iambatishe kama `Document`. Usifupishe vimya, kwa sababu dakika na sekunde za mnukuzi hazitalingana tena na faili lako la asili. Mtumie na la asili pia, lenye jina lake. Yule dada wa Masaka huwa anafungua yote mawili, na mara mojamoja neno analipata kwenye lile ambalo sikuligusa.