Umeshinda beti 171 kati ya 300: ni ujuzi au bahati?

Nimebeti mara 300, soko moja tu la mabao juu au chini ya 2.5, dau shilingi 1,000 kila mara, odi karibu 1.90. Nimeshinda 171, faida shilingi 24,900. Rafiki zangu wanasema ni bahati. Ni kweli? (Msomaji, Mbagala)

Kwanza umenirahisishia kazi, maana dau ni moja, soko ni moja na odi haibadilikibadiliki. Rekodi nyingi ninazoletewa huwa na dau dogo mwanzoni mwa mwezi na dau kubwa siku ya mshahara, na hapo hesabu hii haifanyi kazi.

Tafuta kwanza ni mara ngapi ungehitaji kushinda ili usipate wala usikose. Gawanya 1 kwa odi: 1 ÷ 1.90 ni 0.526. Kwa beti 300 hiyo ni mara 158. Wewe una 171, kwa hiyo umezidisha 13.

Je, 13 ni nyingi? Zidisha idadi ya beti kwa uwezekano wa kushinda, kisha kwa uwezekano wa kushindwa, halafu utafute kipeuo cha pili. 300 × 0.526 × 0.474 ni karibu 75, na kipeuo chake ni 8.7. Namba hiyo nitaiita mtikisiko. Maana yake ni kwamba mtu ambaye kwa haki angetoka sare na kampuni, akibeti mara 300, mara nyingi ataishia kati ya ushindi 149 na 167 bila kuwa amejua wala kusahau chochote. Ni mpira tu umedunda hivyo.

Sasa 13 ÷ 8.7 ni mtikisiko mmoja na nusu. Kwa bahati tupu, watu 6 au 7 kati ya 100 wangefika hapo ulipo au kukupita. Kwa kawaida watu wa takwimu huanza kukaa vizuri kwenye kiti kuanzia mitikisiko miwili, ambapo wanaofika kwa bahati ni 2 au 3 kati ya 100. Hujafika.

Lakini rafiki zako nao hawajashinda mjadala. Kampuni ikiweka 1.90 pande zote mbili, yenyewe inaiona mechi kama nusu kwa nusu, na kilichopunguzwa kutoka 2.00 ni chake. Kwa hiyo anayechagua kwa kurusha sarafu hategemewi kupata 158, bali 150. Ukipimwa dhidi ya huyo umezidi kwa 21, ambayo ni mitikisiko 2.4, na warusha sarafu wanaofika hapo hawazidi mmoja kati ya 100. Jibu langu basi lina pande mbili: dalili kwamba unachagua vizuri kuliko sarafu ni nzuri; ushahidi kwamba unachagua vizuri kiasi cha kufidia makato ya kampuni na kubaki na chenji bado ni mwembamba.

Mimi nacheza mikeka ya odi 10. Mikeka 300 ya buku moja moja, imetiki 36, faida 60,000. Si nimemzidi huyo wa kwanza? (Msomaji, Mwanza)

Kwa pesa, ndiyo. Kwa ushahidi uko nyuma yake.

Odi ya 10 inahitaji ushindi 30 kati ya 300 ili usipate wala usikose. Mtikisiko ni kipeuo cha 300 × 0.1 × 0.9, yaani 5.2. Umezidisha mikeka 6, ambayo ni zaidi kidogo ya mtikisiko mmoja. Kwa bahati tupu, mtu mmoja kati ya saba au wanane angefika hapo.

Igeuze iwe shilingi uone vizuri. Mkeka mmoja ukitiki au ukichanika, hesabu yako inahama kwa 10,000, kwa hiyo mtikisiko wako wa mikeka 300 ni kama shilingi 52,000. Wa yule wa Mbagala, kwa dau hilohilo, ni kama 16,400. Faida yako ya 60,000 inaelea kwenye bahari yenye mawimbi makubwa zaidi. Na kuna jambo ambalo mkeka hauonyeshi: kila mechi unayoongeza inakuja na makato yake, kwa hiyo mwenye mkeka wa mechi tano amekatwa mara tano.

Basi nibeti mara ngapi ndipo nijue? (Msomaji, Mombasa)

Inategemea ubora wako halisi, na huo ndio usioujua. Tuseme kweli unapata faida ya shilingi 5 kwa kila 100 unazoweka, kwa odi ya 1.90. Ili faida hiyo ifikie mitikisiko miwili unahitaji beti karibu 1,440. Ukiwa unapata shilingi 2 kwa 100, ambayo bado ni kazi ya mtu hodari, unahitaji karibu 9,000. Faida ikigawanywa kwa mbili, beti zinazidishwa kwa nne. Hakuna njia ya mkato hapo.

Na usihesabu beti tatu za mechi moja kama tatu. Ukiweka Over 2.5, timu zote kufunga, na mwenyeji kushinda, bao la dakika ya tano linazisukuma zote pamoja.

Kuna jamaa Telegram anauza mikeka, rekodi yake ni kama ya huyo wa Mbagala. Nilipe? (Msomaji, Arusha)

Kwanza niambie umeangalia wangapi kabla ya kumpata yeye. Ukipitia chaneli 40 za watu wasio na ujuzi wa kuishinda kampuni, ila hawafungwi nayo pia, uwezekano kwamba angalau mmoja ana rekodi kama ya Mbagala au bora ni kama 93 kati ya 100. Na hao waliochanika hawabaki kukusubiri, hufuta chaneli na kufungua nyingine kwa jina jipya.

Anza kuhesabu siku uliyomjua, siyo siku anayosema alianza. Andika odi uliyoiona wewe alipotuma, kabla mechi haijaanza. Beti zake za zamani ni tangazo.

Hakuna njia ya haraka kuliko kusubiri beti elfu moja? (Msomaji, Dodoma)

Ipo, nami naiamini kuliko matokeo. Andika odi uliyochukua, kisha odi ya mwisho ya soko hilohilo mechi ikiwa inaanza. Ulichukua 2.10 na imefunga 1.95? Umenunua bei nzuri, hata kama beti imepotea. Odi ya mwisho imeshameza habari za majeruhi, vikosi na pesa za wajuzi, hivyo ukiishinda mara kwa mara huo ni ushahidi ambao hautikiswi na penalti ya dakika ya 90. Beti 200 za namna hii zinaweza kukuonyesha mwelekeo ambao matokeo 200 hayawezi.

Masharti ni mawili. Odi ya mwisho nayo ina makato ndani yake, kwa hiyo kuishinda kwa nywele tu hakutoshi: odi ya 1.92 iliyofunga 1.90, ambayo bila makato ni 2.00, bado ni bei mbaya. Na mechi iwe kubwa, yenye pesa nyingi. Kwenye ligi ya daraja la chini odi inaweza kushuka kwa sababu watu wachache wameweka, pengine wewe mwenyewe na wenzako wa kundi moja, na hapo utakuwa unajipima kwa kivuli chako.