Shombo baada ya tendo si sawa na harufu ya kawaida ya uke

Sisi tunaopita mwalo wa samaki wa Kibirizi, Kigoma, kila siku, shombo tunaijua. Kwa hiyo mwanamke akiniambia kwamba ananuka shombo kila akitoka kulala na mumewe, simuulizi anamaanisha nini. Namuuliza tu kama harufu hiyo inarudi kila mara, na kama siku zake za hedhi nazo inatokea.

Uke wenye afya una harufu yake, ya uchachu kidogo. Inabadilika ukitoka jasho, ukikaribia hedhi, ute unapoongezeka katikati ya mzunguko. Hata baada ya tendo, shahawa zina harufu yake na huendelea kutoka kidogo kidogo kwa saa kadhaa, halafu inaisha. Hiyo haina tiba kwa sababu si ugonjwa.

Shombo ina sababu nyingine, hali ambayo madaktari huiita bacterial vaginosis. Ndani ya uke kuna bakteria wazuri wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo ndiyo ulinzi. Wakipungua, bakteria wengine waliokuwa wachache huzidi na kutoa kemikali, mojawapo ikiwa ile ile inayomfanya samaki anuke. Sasa kumbuka kwa nini tunakamulia migebuka limao: asidi huishika ile kemikali isiruke hewani. Shahawa hufanya kinyume, kwani zimeelekea upande wa magadi. Zikiingia, asidi inashuka na harufu inafumuka papo hapo. Damu ya hedhi nayo si ya asidi, ndiyo maana shombo huja hata siku hizo. (Naomba limao libaki jikoni. Ukeni linaunguza, na halirudishi bakteria wazuri.)

Ilipokuwa zamu yangu, wifi yangu alishatoa hukumu: “Wifi, huyo kaka yangu ana mtu nje, mbane.” Harufu hii si ushahidi wa hilo. Shahawa zilifichua tu tatizo lililokuwepo tayari. Dukani niliuziwa dawa ya fangasi, wakati dalili zangu hazikufanana na fangasi hata kidogo. Fangasi huwasha sana, uchafu wake ni mzito wenye mabonge meupe, na kwa kawaida haunuki. Mimi nilikuwa na ute mwepesi wa kijivu, bila muwasho wala maumivu.

Kituoni daktari alichukua ute kwa pamba. Karatasi ya kupima asidi ilisoma zaidi ya 5, wakati kawaida haizidi 4.5; namba ikipanda, maana yake asidi imepungua. Akadondoshea ute huo tone la potasiamu haidroksaidi, na chumba kizima kikapata shombo. Kwenye hadubini seli zangu zilionekana zimegandwa na bakteria hadi kingo hazionekani vizuri. Dalili nne huangaliwa: aina ya ute, asidi, harufu baada ya tone, na seli hizo. Zikipatikana tatu, jibu limepatikana. Nikapewa metronidazoli miligramu 400, asubuhi na jioni, kwa siku 7.

Tatizo hili lina tabia ya kurudi, tena ndani ya miezi michache. Kujiosha ndani kwa sabuni au kuweka shabu kunazidi kuwaondoa bakteria wazuri. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha. Kondomu husaidia kwa sababu huzuia shahawa kugusa ute. Kuhusu mume, kwa miaka mingi wataalamu walisema kumtibu hakusaidii. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba mwanamume akinywa dawa na pia kupaka dawa ya ngozi uumeni, tatizo linarudi mara chache zaidi. Kama lako linajirudia na mwenzi ni huyo huyo, mwulize daktari juu ya hilo.

Usikae nyumbani ukidhani ni shombo tu ikiwa uchafu ni wa kijani au njano wenye povu na unawasha. Hiyo huweza kuwa trikomona, inayoambukizwa kwa ngono, na hapo mume lazima atibiwe. Maumivu chini ya kitovu au homa ni safari ya siku hiyo hiyo. Kutokwa damu baada ya tendo kunahitaji mlango wa kizazi ukaguliwe, hasa kama uchafu unanuka kuoza. Mjamzito mwenye shombo awaambie kliniki mapema, kwani hali hii imehusishwa na kujifungua kabla ya wakati. Na kwa kuwa inarahisisha kuambukizwa VVU, omba na kipimo hicho ukiwa hapo.

Ukienda kupima, siku moja kabla usishiriki tendo wala usijioshe ndani, na usiende ukiwa hedhini. Shahawa na damu hupandisha usomaji wa ile karatasi hata kwa mwanamke asiye na tatizo.