Picha nane za paspoti katika karatasi moja: namna ya kulinda kipimo hadi kwenye printa

Kazi inayokuja mara kwa mara katika steshenari zetu za Wete na Chake Chake ni ya mtu anayetaka picha nane za paspoti kwa ajili ya fomu za skuli, za chuo au za kazi. Anayeanza kazi hii hudhani kwamba ugumu wake uko katika kuzipanga picha zikae sawa kwenye kioo cha kompyuta. Kwa uzoefu wangu, kupanga ni sehemu nyepesi. Kinachoharibika ni kipimo, ambacho hupotea kidogo katika Word, kidogo wakati wa kuhifadhi na kidogo kwenye printa, na hatimaye mteja hukataliwa dirishani kwa picha iliyo fupi kwa milimita mbili au tatu.

Kipimo kinachoombwa zaidi ni upana wa milimita 35 na urefu wa milimita 45, lakini isome fomu ya mteja kabla ya kuanza, kwa sababu zipo zinazotaka kingine. Nitaeleza namna ya kuziweka picha nane za kipimo hicho katika karatasi ya picha ya inchi 4 kwa 6, ile tunayoiita ya kumi kwa kumi na tano, ikiwa imelazwa, kwa kutumia Word, kwa kuwa ndiyo programu iliyomo karibu katika kila duka.

Kabla ya kuingiza picha yoyote, fungua File, kisha Options, kisha Advanced, na chini ya Image Size and Quality utie alama kwenye Do not compress images in file. Usipofanya hivyo, Word huzipunguza picha inapohifadhi faili, na uso ulioonekana safi kwenye kioo hutoka na ukungu kwenye karatasi. Picha yenyewe nayo inahitaji kuwa na pikseli za kutosha: kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, sehemu utakayoibakisha baada ya kukata iwe na angalau pikseli 413 kwa 531. Simu za sasa hutoa zaidi ya hizo, ila mteja akikutumia kwa WhatsApp, mwambie aitume kama Document, kwani ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa njiani.

Sasa weka ukurasa: upana sentimita 15.24, kimo sentimita 10.16, pembezoni za kushoto na kulia 0.4, ya juu 0.35 na ya chini 0.3. Word ikikuonya kwamba pembezoni ni ndogo mno, chagua Ignore. Ingiza picha moja kwenye ukurasa mtupu, bofya kitufe cha kulia, chagua Format Picture, na chini ya Crop andika Width 3.5 na Height 4.5 katika sehemu ya Crop position. Ukitaka uso uwe mkubwa au mdogo ndani ya fremu hiyo, badilisha Picture position, tena kwa kulinda uwiano wa urefu na upana. Usiivute picha kwa kishikio cha ubavuni ili ijae. Mashavu hutanuka, na afisa anayepokea fomu huliona jambo hilo haraka kuliko unavyodhani. Ikiwa mandhari ya nyuma ni nyeupe, izungushie picha mstari mwembamba wa kijivu, maana bila huo hutaona mahali pa kukata.

Baada ya hapo, tengeneza jedwali la safu nne kwa mistari miwili. Kila safu iwe na upana wa 3.6, na kila mstari uwe na kimo cha 4.7 kilichowekwa Exactly. Katika Options za jedwali, weka nafasi za ndani ya seli kuwa sifuri na uondoe alama kwenye Automatically resize to fit contents, la sivyo jedwali litatanuka mara tu unapobandika picha. Kisha nakili picha uliyoikata, uibandike katika seli zote nane ikae katikati, na uifute ile ya mwanzo iliyo nje ya jedwali.

Hapa ndipo wengi huvurugikiwa bila kujua sababu. Kwa kawaida Word huweka nafasi baada ya kila aya, na katika matoleo mengi nafasi ya mistari huwa 1.08 badala ya moja; mara nyingine mpangilio huo huingia hadi ndani ya jedwali. Picha iliyo katika aya huhesabiwa kama herufi kubwa sana, kwa hiyo kwa nafasi hiyo kimo chake cha 4.5 huzidishwa na kufikia 4.86, ambacho hakiingii katika mstari wa 4.7, na sehemu ya chini ya picha hufichwa. Kwenye kioo utadhani mabega tu yamekatwa kidogo. Lichague jedwali zima, weka nafasi ya mistari kuwa Single, nafasi kabla na baada ya aya kuwa sifuri, na ukubwa wa herufi kuwa 1. Aya tupu inayobaki chini ya jedwali haifutiki, nayo ikiwa na herufi za kawaida huangukia ukurasa wa pili na kukutolea karatasi tupu ya bei. Ipe nayo ukubwa wa 1 na nafasi sifuri.

Hifadhi kama PDF kwa kuchagua Standard, wala si Minimum size. Sisi hulazimika kufanya hivi kwa sababu mara nyingi picha hupangwa Wete na kuchapwa Chake Chake penye printa ya rangi, na faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta yenye toleo jingine huweza kuhama, ilhali PDF hubaki ilivyo. Ifungue katika Adobe Reader, tazama File, kisha Properties, na usome Page Size: iwe inchi 6.00 kwa 4.00. Ukikuta kipimo cha A4, ukurasa haukuwekwa sawa, na hakuna haja ya kuendelea.

Kwenye dirisha la kuchapa chagua Actual size, usichague Fit. Fit huubana ukurasa uingie katika eneo ambalo printa inaweza kulichapa. Printa inayoacha milimita 3 kila upande huupunguza hadi takriban asilimia 94, na picha ya milimita 45 huwa ya 42. Kuchapa bila pembezoni hufanya kinyume chake, huikuza picha kidogo, kwa hiyo nako ukuache. Karatasi iliyochaguliwa kwenye printa nayo iwe ya inchi 4 kwa 6.

Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida iliyokatwa kwa kipimo hicho, upime kwa rula. Usipime picha moja, kwani tofauti ya milimita moja ni rahisi kuipuuza. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa picha ya kwanza hadi ukingo wa kulia wa picha ya nne. Ni lazima upate milimita 143, na kwenda chini, kwa picha mbili, 92. Ukipata kama 134, Fit imerudi, jambo linalotokea sana kwenye kompyuta ya duka la watu wengi. Ikiwa upana ni sahihi lakini urefu umepungua, rudi kwenye nafasi za aya ndani ya jedwali.

Jedwali hili lisilazimishwe kwa kila ombi. Picha ya viza ya Marekani ni ya mraba wa inchi 2, yaani milimita 51 kila upande, na karatasi hii haina nafasi ya kuziweka mistari miwili pamoja na pembezoni. Hizo zipangie ukurasa wake, picha mbili kwa mstari mmoja.